Barua ya Kufunga Muhula: Ukurasa wa Mbele wa Mtihani wa Kidato cha Nne

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam nyingi. Poleni na majukumu, na hongereni kwa kutufikisha mwisho wa muhula salama.

Nianze na lililonifurahisha maana lipo na ni kubwa. Mtihani wa kufunga muhula wa kidato cha nne tuliutunga kwa muundo uleule wa NECTA, na insha za Historia walizoandika hawa watoto nimezisoma mwenyewe usiku hadi umeme ukakatika nikaendelea na tochi. Kuna binti mmoja ameeleza sababu za vita vya Majimaji hoja moja moja, kila hoja ina aya yake na mfano wake, Kinjekitile kamweka panapostahili, kodi na mashamba ya pamba ya kulazimishwa vimeelezwa vizuri, na hitimisho lake halirudii utangulizi. Mwalimu wa somo amempa 13 kati ya 15, na mimi nisingempunguzia hata nusu alama. Na hayuko peke yake, darasa zima limepanda kwenye insha, walimu wa Historia wamefanya kazi na nawapongeza mbele yenu wote.

Sasa hao hao watoto wanaoandika vizuri hivyo wengine wamepata C ambayo sio ya kwao, na sababu ni kwamba hawakusoma ukurasa wa mbele wa karatasi. Na kwa vile ukurasa ule umeandikwa Kiingereza na wazazi wengi mmeniambia hamuelewi kinachotakiwa, nauweka hapa kwa Kiswahili ili mkae nao nyumbani likizo hii.

Karatasi ya Historia ina maswali 11 katika sehemu tatu, muda saa 3. Sehemu A ina maswali mawili, la kuchagua herufi lina alama 10 na la kuoanisha lina alama 6, jumla 16. Sehemu B ina maswali sita ya majibu mafupi, kila moja alama 9, jumla 54. Sehemu C ni insha, yapo matatu anachagua mawili, kila moja alama 15, jumla 30. Kwa hiyo anajibu maswali 10 tu, yote ya A na B na mawili ya C. Zaidi ya nusu ya alama zote zipo sehemu B, na hapo ndipo watoto wetu wanapoangukia.

Chukulieni kijana mmoja (simtaji, mzazi wake nimeshaongea naye). Huyu anapenda insha, kaanzia sehemu C, kaandika zote tatu wakati zinatakiwa mbili, saa nzima na nusu ikaishia hapo. Sisi tulisahihisha mbili za kwanza, kapata 24 kati ya 30, nzuri sana, ile ya tatu hatukuigusa. Sehemu A kapata 13. Sehemu B kajibu maswali manne tu kapata 26, mawili kayaacha meupe kabisa kwa sababu kengele ililia. Jumlisheni, 63, hiyo ni C maana B inaanzia 65. Sasa yale mawili aliyoyaacha yana alama 18, angepata nusu tu angekuwa na 72 na B yake mkononi. Yaani ule muda wa insha ya tatu ndio uliomnyang'anya B.

Muda tunawafundisha hivi: saa 3 ni dakika 180, alama ni 100, kwa hiyo kila alama inapata karibu dakika 2 kasoro kidogo. Dakika 5 za kwanza asome karatasi yote na achague insha zake mbili, aziwekee alama ya vema. Sehemu A asizidishe dakika 20. Sehemu B dakika 15 kila swali, jumla 90, na dakika 15 zikiisha hajamaliza aache nafasi aende linalofuata, kwa sababu alama za mwanzo wa swali ni rahisi kupata kuliko ile moja ya mwisho anayong'ang'ania. Insha dakika 25 kila moja. Hapo zinabaki 15 za kurudi nyuma na kuhakiki namba ya mtihani kila ukurasa. Lakini hesabu hii msiipeleke kwenye Hisabati, kule sehemu A ni maswali 10 ya alama 6, sehemu B manne ya alama 10, na yote ni lazima, hakuna kuchagua. Wapo waliochagua. Kila somo ukurasa wake wa mbele usomwe upya.

Peni ni ya bluu au nyeusi, penseli ni ya michoro tu kama ramani. Kuna aliyejibu sehemu B nzima kwa penseli.

Sasa simu, na hapa wazazi naomba mnisikilize vizuri. Ukurasa wa mbele unasema wazi simu na vitu visivyoruhusiwa haviingii kwenye chumba cha mtihani. Siku ya Historia simu imelia ndani ya chumba, kwenye soksi ya mwanafunzi, katikati ya mtihani, wenzake wote wakainua vichwa. Tumeichukua, karatasi yake tumeifuta. Kesho yake mzazi kaja ofisini kwangu kwa hasira, anasema simu kampa yeye ili mtoto ampigie akimaliza bodaboda imfuate, na kwamba mtoto hakuiba mtihani. Mimi naamini kabisa hakuiba. Lakini Novemba msimamizi haulizi simu ilikuwa ya bodaboda au ya majibu, ikikutwa ni taarifa ya udanganyifu, na huko matokeo hufutwa, miaka minne ya mtoto inaondoka na wewe mzazi ndiye uliyemwekea kwenye soksi. Iliniuma sana kuona mtu mzima anatetea jambo hilo mbele ya mtoto. Bodaboda imsubiri getini. Simu ile ataichukua mzazi mwenyewe, sio mtoto, sio kaka yake.

Kuchelewa nako kumezidi. Mtihani wa saa 2 asubuhi mtoto anaingia saa 2 na dakika 20 anahema, hiyo ni sehemu A nzima imeshapotea. Awe shuleni saa 1 na nusu.

Mchango wa chakula cha kambi ya kidato cha nne, tulikubaliana wenyewe kwenye kikao na mkasaini. Ada hakuna lakini mahindi na maharage hayaji bure, na mwenye duka anatudai. Waliolipa wanawalisha watoto wa wasiolipa na nimeshaanza kupigiwa simu za malalamiko. Mwenye shida ya kweli aje tuzungumze tupange kidogo kidogo, asinyamaze.

Sare, nywele na tarehe ya kufungua vipo kwenye karatasi ya ripoti.

Pamoja na ripoti nimeambatanisha nakala ya ukurasa wa mbele wa Historia na wa Hisabati. Mwambie mtoto akueleze kila mstari kwa mdomo wake, maswali mangapi, alama ngapi, dakika ngapi, kisha mzazi usaini nyuma. Siku ya kufungua nakala hizo anampa mwalimu wa darasa kabla hajaingia bwenini.

Wenu katika malezi,
Mkuu wa Shule