Nimpigie yule mama wa kitanda cha pili?

Mshauri, assalaam alaykum.

Kwenye simu yangu kuna namba ya mama mmoja wa Muheza ambayo naiogopa. Alikuwa akimuuguza mkwewe kitanda cha pili kutoka cha mama yangu, na ndiye aliyekuwa na mama yangu alipokata roho. Naomba unisaidie kuamua, nimpigie au niache.

Mama alikuwa na saratani ya ini. Ilipogundulika ilikuwa imeshasambaa, na daktari hakutuficha kwamba kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Akawa anapewa mofini ya maji, na tumbo likijaa maji anavutwa. Mwisho tukampeleka Tanga mjini kulazwa, maana huku Pangani nyumbani tulishindwa hata kumgeuza.

Mimi ni mtoto wa kiume, kitinda mimba. Wodi ya wanawake mwanamume halali, saa ya kuona wagonjwa ikiisha unatoka. Siilaumu sheria hiyo, wanawake wa watu wanaogeshwa mle ndani. Mchana nilikaa naye mimi, usiku alilala naye binti wa mama mdogo. Siku ile binti akashikwa na homa, akarudishwa nyumbani. Dada yangu alikuwa njiani kutoka Mwanza; mara ya mwisho kuongea, basi lao lilikuwa Singida.

Jioni hiyo mama, ambaye hata maji alikuwa hayataki tena, alifumbua macho akaniita kwa jina langu la utotoni na kuomba uji wa mchele. Akanywa vijiko vichache, akauliza kama nazi zimeshaangushwa. Nikampigia dada nikamwambia mama ana nafuu. Baadaye akasinzia. Miguu yake ilikuwa ya baridi, nikadhani ni feni, nikaifunika kwa khanga. Magotini ngozi ilikuwa na mabaka ya rangi ya zambarau. Pumzi ilikuwa ikienda, inakatika kitambo, halafu inarudi kwa kishindo, nami nikaona ni usingizi mzito wa mtu aliyechoka. Nesi akaniambia nikapumzike, nikaenda kulala kwa rafiki yangu Chumbageni. Simu ililia kabla ya adhana ya alfajiri.

Tulipokwenda kuchukua mwili, nesi mwingine, mtu mzima, alinieleza. Baridi ile ya miguu, mabaka, pumzi za kukatikakatika, ndivyo mwili unavyofunga kazi. Hata ile nafuu ya ghafla wanaijua, huwapata baadhi ya wagonjwa wakiwa ukingoni, na ndugu wengi huenda nyumbani wakiwa na furaha. Lakini akasema hata wao saa hawaijui. Mwingine akiwa vile huondoka usiku huohuo, mwingine huvuka siku mbili. Na wapo wanaosubiri mwuguzaji atoke kwenda msalani tu. Hayo yote nimeyaelewa. Kilichonichoma ni neno alilomalizia kwa nia njema, kwamba masikio ndiyo huwa ya mwisho kuondoka. Basi mama alisikiliza sauti za nani?

Msibani dada aliniuliza mbele za watu, "Nani alimlakinia shahada?" Sikuwa na jibu. Shehe wetu ametutuliza: kumlakinia anayekata roho ni jambo alilolihimiza Mtume, ila si lazima afanye mtoto wake, na aliyeikosa hahesabiwi kwamba amekufa vibaya. Dada alimsikiliza kwa adabu, na tangu siku hiyo mimi ananijibu kwa mkato.

Kumbe yule mama wa Muheza alichukua namba yangu kwa binti wa mama mdogo. Amenitumia ujumbe: "Pole mwanangu. Nilikuwa naye mimi. Ukiwa tayari nipigie nikueleze." Nimeusoma sijui mara ngapi. Huenda ataniambia alimlowesha midomo kwa maji akamtamkia shahada, nami nitashukuru maisha yangu yote. Huenda pia ataniambia mama aliniita. La pili hilo nikishalisikia, haliwezi kurudi lilikotoka.

Dada amepata habari za ujumbe huo na anaitaka namba apige mwenyewe. Haki anayo, ni mama yake vilevile. Ila naogopa akisikia yeye kwanza, kila neno litanifikia likiwa limepita kwenye hasira zake. Nikimnyima, ataona nina la kuficha. Atakuja kwa ajili ya hitma ya arobaini, na ingekuwa vyema jambo hili liwe limekwisha kabla hajaondoka Mwanza.

Nipige peke yangu, au nimngoje tukae naye tusikilize pamoja? Na je, naweza kumwomba yule mama anieleze ya shahada tu, mengine akae nayo, au nitakuwa nimemvunjia heshima mtu aliyemshika mama yangu mkono wakati mimi sipo?

Kitinda mimba, Pangani