Kwa mdogo wangu wa Kadutu, kuhusu nywele zinazokukosesha usingizi

Mdogo wangu mpendwa,

Siku hizi unavaa kofia hata mezani, na sisi sote nyumbani tunajifanya hatuoni. Nakuandikia hadharani kwa sababu vijana wengi wa Bukavu wanalibeba jambo hilohilo kimya. Dada zetu huulizana waziwazi kuhusu nywele zao, lakini mwanaume akitamka tu kwamba paji lake linamsumbua, wenzake humwona mwepesi. Ndiyo maana humwuliza muuzaji wa sokoni asiyemfahamu, wala si kaka yake.

Nywele zako zinarudi nyuma pembeni mwa paji na kupungua utosini, na huo ni upara wa kurithi, ambao waweza kutoka kwa mama au kwa baba. Kofia haikuuleta. Mwilini, sehemu ya homoni ya testosteroni hugeuka kuwa dihidrotestosteroni, nayo, kwa mtu aliyerithi wepesi wa kudhurika nayo, husinyaza vishina vya nywele, kila unywele mpya ukiota mwembamba kuliko uliotangulia. Kwa hiyo upara si upungufu wa uanaume, ingawa ndivyo watu wanavyoudhani wanapokutania.

Ile chupa uliyonunua haina jina la dawa wala kipimo, na naomba usiipake tena. Dawa inayofahamika ni minoksidili ya asilimia 5: mililita moja kwenye ngozi kavu ya kichwa, asubuhi na jioni. Majuma ya kwanza nywele huweza kukatika zaidi, na hapo wengi huiacha wakidhani wamedanganywa, ilhali matokeo hupimwa baada ya miezi minne hadi sita. Ukiiacha, ulichopata kitapotea tena, na palipokwisha kuwa laini kwa miaka mingi haioteshi kitu cha maana. Kwa kuwa ilianza kama dawa ya shinikizo la damu, moyo ukidunda kasi au ukipata kizunguzungu, iache na umwone daktari.

Kunyoa kichwa chote nako ni njia nzuri, kwangu mimi ndiyo nzuri kuliko zote, ila nimeona vipele vigumu kisogoni mwako, pale kola inapogusa. Kwa nywele zetu za kujikunja, kunyoa hadi kwenye ngozi na kusuguliwa mara kwa mara huvichochea, na visipotibiwa mapema huacha makovu yasiyoota nywele tena. Mwambie kinyozi asitumie wembe kisogoni, abakishe nywele fupi kwa mashine, na usivitumbue.

Ukiona mabaka ya mviringo yenye magamba na kuwasha, hayo si upara. Huenda ni fangasi, na matibabu yake ni mengine kabisa. Njoo Jumapili na hiyo chupa, Jumatatu twende pamoja kwa daktari wa ngozi, nami nitaingia nawe ndani ukitaka.

Kaka yako