Barua kwa Mado kuhusu posho ya interimu

Lubumbashi, 2 Aprili 2026

Mado rafiki yangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Kwa hiyo shefu wa depo yuko Zambia anatibiwa, wewe ndiye unayesaini hati za kutoa mzigo, unajibizana na watu wa forodha hapo Kasumbalesa, unapanga walinzi wa usiku, na mshahara wa Machi umeingia uleule wa Februari. Unataka kwenda kwa direkta kumwambia kwamba umechoka. Usiende na hilo. Atakupa pole na siku mbili za kupumzika. Wewe unadai malipo ya cheo unachokishika, basi onyesha cheo.

Anza na karatasi. Miaka ile nilipokuwa ofisi ya mishahara, madai ya interimu yalifia hapo: hakuna barua iliyomtaja mtu kuwa kaimu. Direkta alisema kwa mdomo "uangalie depo", na baadaye anakumbuka kwamba uliambiwa kuangalia tu. Kama hujapewa barua, mwandikie imeli leo: "Kama ulivyoniagiza, nashika kazi ya shefu wa depo tangu tarehe 9 Machi, pamoja na kusaini hati za kutoa mzigo. Naomba unithibitishie." Akijibu ndiyo, imetosha. Akinyamaza, nakala za hati zenye saini yako zitasema kwa niaba yake, kwa hiyo ziweke.

Watakujibu kwamba wewe ni naibu, na kazi ya naibu ni kumshikia mkubwa wake. Kwa konji fupi wana haki kidogo, mimi mwenyewe nisingegombana. Ndiyo maana kabla ya kuandika dai, mwombe delege wa sendika akuonyeshe mkataba wa pamoja na kanuni za kampuni. Humo tafuta mambo mawili: interimu inaanza kulipwa baada ya siku ngapi, na siku hizo zikishapita, je, unalipwa tangu siku ya kwanza au kuanzia hapo tu? Watu wengi hawasomi hilo la pili, na ndilo lenye pesa.

Sasa hesabu. Usidai mshahara wa shefu. Ule 700 anaopata una nyongeza ya miaka yake kazini, na miaka hiyo ni yake. Chukua mshahara wa msingi wa kuanzia katika daraja lake. Tuseme ni dola 640. Wako wa msingi ni 432. Tofauti ni 208 kwa mwezi. Kwenu mnafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, kwa hiyo gawa kwa siku 26: dola 8 kwa siku. Kuanzia tarehe 9 hadi mwisho wa Machi kuna siku 20 za kazi, yaani dola 160. Posho hii ni sehemu ya malipo yako, kwa hiyo itakatwa mchango wa hifadhi ya jamii wa CNSS na kodi kama mshahara. Usishangae ukipokea pungufu. Kama shefu ana posho ya simu au ya madaraka inayofuata kiti chake, iombe pia, lakini katika mstari wake peke yake, ili wakiikataa isivute ile 160 pamoja nayo.

Barua yenyewe iwe ukurasa mmoja, kwa Kifaransa, maana ndiyo lugha ya ofisi zetu. Tarehe ulizoshika kazi, nani alikuagiza, kifungu cha mkataba wa pamoja, hesabu, na ombi kwamba ilipwe na mshahara wa Aprili na ionekane kwenye fishi ya mshahara kwa jina lake. Wakikupa kwenye bahasha, bila fishi, mwezi ujao hutakuwa na cha kuonyesha. Peleka nakala mbili, moja urudi nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa.

Sheria ya Kazi ya 2002 inasema mshahara uwe sawa pale ambapo masharti ya kazi, ujuzi na utendaji ni sawa. Usiiweke mbele. Watasema ujuzi wako na wa shefu haulingani, na mtaishia kubishana juu ya diploma. Kifungu cha mkataba wa pamoja kina nguvu zaidi.

Wakikataa, unaenda kwa inspekta wa kazi kupatanishwa kwanza. Mahakama ya kazi haikupokei kabla ya hapo. Ila usikae ukisubiri shefu apone ndipo udai. Madai ya mshahara yana mwaka mmoja tu tangu siku ulipopaswa kulipwa, na ahadi za mdomo za direkta hazisimamishi mwaka huo.

Na umuulize sasa hivi, kwa maandishi, interimu inaisha lini. Shefu akirudi posho inakatika, na hiyo siyo adhabu. Asiporudi, ni mazungumzo mengine kabisa, ya cheo chenyewe.

Nitumie ile imeli kabla hujaituma. Nisalimie mama na watoto.

Rafiki yako,
Clarisse