Karatasi Iliyo Kifuani Mwako

Mwanangu kipenzi,

Ile karatasi niliyokubandika kwa pini ndani ya koti, upande wa kushoto, juu ya pale mkanda wa kiti unapopita, usiibandue mpaka Shangazi akushike mkono. Nataka ujue kila kilichoandikwa humo na kwa nini, maana wewe ndiwe utakayekuwa nayo, si mimi.

Nimeikunja ili maandishi yawe ndani. Nje inasomeka tu: mtoto anasafiri peke yake, mhudumu afungue. Jina lako sikuliweka nje kwa makusudi. Mtu yeyote akilisoma kifuani mwako anaweza kukuita kama anayekufahamu, na mtoto akisikia jina lake hugeuka na kuamini. Kwa hiyo atakayekuita kwa jina huku hajavaa sare ya ndege wala kitambulisho cha kazi, usimfuate. Mwambie mhudumu.

Ndani, jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti, yote matatu. Chini yake kuna namba ya ndege na tarehe, kisha lugha unazozungumza. Namba ya kiti sikuiandika, kwa sababu wahudumu mara nyingi humhamishia mtoto karibu nao.

Sehemu iliyonichukua muda ni ya mtu wa kukupokea. Shangazi yako sote tunamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na hata majirani zake hawalijui lingine. Lakini uwanjani hawatauliza majirani. Watashika kitambulisho chake mkono mmoja, fomu ya shirika la ndege mkono mwingine, walinganishe. Majina yakitofautiana, hawatakukabidhi, hata kama wewe mwenyewe unaruka ukipiga kelele kwamba ndiye. Na wana haki. Basi nilimwomba apige picha kitambulisho chake anitumie, nikanakili jina herufi kwa herufi, kwanza kwenye fomu, kisha kwenye karatasi yako. Fomu ndiyo wanayoifuata. Karatasi yako inasaidia tu, kwa hiyo zisipishane hata kidogo.

Mjomba nimemwandika wa pili, kwenye fomu pia, ikiwa Shangazi atakwama njiani. Mwingine hayupo. Akija mtu akasema ametumwa na mama, hata ukimfahamu, jibu ni hapana. Nikilazimika kubadilisha mpokeaji, nitalipigia shirika la ndege lenyewe, nao ndio watakaokuambia. Shangazi na Mjomba wanalijua neno letu la siri. Halikuandikwa popote, nawe usilitamke kwanza. Mwache anayekupokea alitamke.

Namba za simu ziko tatu: yangu, ya Shangazi, ya Mjomba, kwa mpangilio huo. Kila moja inaanza na alama ya kujumlisha na namba ya nchi. Hali ya hewa ikichafuka, ndege inaweza kutua uwanja mwingine kabisa, hata nchi nyingine, na huko namba inayoanza na sifuri haitampata mtu. Ikitokea hivyo, hujapotea. Kaa na mhudumu, mwonyeshe karatasi. Mimi sitaondoka uwanjani hadi ndege yako iwe angani, kwa sababu wakati mwingine ndege hufunga milango, husogea, kisha hurudishwa.

Maelekezo kwa wahudumu nimeyafanya mafupi, wayasome wakiwa wamesimama. La kwanza ni karanga: zinakuvimbisha midomo, kwa hiyo usile kitu chochote ambacho mhudumu hajakikagua, hata peremende ya jirani yako mwema. Dawa sikuwapa, kwa kuwa kwa kawaida wahudumu hawanyweshi watoto dawa. Ya asubuhi utakunywa kabla hatujaachana, ya usiku atakupa Shangazi. Nimewaandikia pia kwamba huombi kwenda msalani mpaka uulizwe, wakuulize mara moja baada ya chakula. Usione haya. Hilo ndilo nililoona wageni hawawezi kulijua kwa kukutazama.

Ndege ikianza kushuka, masikio yakiziba, meza mate au tafuna kitu polepole. Ikisimama, abiria wote watainuka kwa pamoja kuteremsha mizigo. Wewe kaa na mkanda wako. Mtoto anayesafiri peke yake kwa kawaida hutoka mwisho, na mfanyakazi mmoja humkabidhi kwa mwingine kwa kutia sahihi. Mkoba wa shingoni wenye pasipoti na fomu usimpe mtu mwingine yeyote.

Shangazi akishatia sahihi, mwambie anipigie mkiwa bado ndani ya jengo, nikusikie. Kisha mwachie yeye aitoe ile pini. Ina ncha kali.

Nakupenda sana.

Mama yako