Begi la mtoto lipimwe sawasawa

Mhariri,

Ni miaka mingi nasoma gazeti lako bila kukuandikia, lakini ile habari ya wanafunzi waliopima uzito wa mabegi shuleni kwao imenishinda kunyamazia. Picha yake utaikumbuka: watoto wamepanga mstari uwanjani, mmoja kapanda mizani ya bafuni begi likiwa mgongoni, na wenzake wanachungulia namba. Kichwa cha habari kikasema mabegi yanapinda uti wa mgongo wa watoto wetu. Wanafunzi wale siwalaumu hata kidogo, maana wazo lao ni zuri. Ninacholalamikia ni kwamba mmeandika kana kwamba mizani ile imetoa jibu ambalo haina uwezo wa kulitoa.

Mizani ya bafuni yenye mshale husomeka kwa nusu kilo, nyingine kwa kilo nzima. Ili upate uzito wa begi, inabidi umpime mtoto akiwa nalo, umpime tena bila begi, kisha utoe. Makosa ya vipimo viwili yanaingia kwenye jibu moja, hivyo begi la kilo 4 linaweza kuandikwa 3 au 5. Ukiiweka juu ya udongo au mkeka, inazidi kudanganya. Begi lipimwe peke yake kwa mizani ya ndoano, ile ya kidijitali ya kuning'iniza ambayo wasafiri hupimia masanduku. Kabla ya kuanza, ning'iniza chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo haijafunguliwa. Isome kilo moja na nusu na gramu chache juu yake. Rudia mwisho wa kazi, kwa sababu betri ikichoka namba nazo zinahama. Mizani ya bafuni ibaki kwa uzito wa mwili tu, juu ya sakafu ya saruji, mtoto akiwa amevua viatu na sweta.

Na hapo ndipo picha yenu iliponiudhi zaidi. Uzito wa mwili wa mtoto hausomwi mbele ya darasa. Msichana wa miaka 12 akitajiwa kilo zake mbele ya wavulana, jina la utani atakalopewa siku hiyo litamfuata hadi kidato cha nne, na mtoto aliyedumaa naye anaaibishwa kwa jambo ambalo si kosa lake. Mradi wa afya unaanza na ruhusa ya mwalimu mkuu na ya mzazi, na mtoto mwenyewe akikataa aachwe. Anapimwa mmoja mmoja nyuma ya pazia au ndani ya ofisi, anapewa namba, na kwenye karatasi inaandikwa namba badala ya jina. Hakuna kumwinamisha mtoto eti tuone mgongo, wala kumwongezea vitabu eti tuone atavumilia kiasi gani. Haya yote yanahitaji karatasi, pazia na dakika tatu kwa kila mtoto, na hakuna shule inayokosa vitu hivyo. Badala yake mmechapisha sura na namba, na shule nyingine zitaiga kile zilichokiona gazetini.

Chukulia begi moja la darasa la tano, la mtoto wa kilo 28. Lote lina kilo 6, sawa na asilimia 21 ya uzito wake. Likimwagwa mezani, begi tupu ni gramu 800. Kaunta buku nne za gramu 500 ni kilo 2. Vitabu vitano vya kiada vya gramu 300 ni kilo 1.5, chupa ya maji yenye lita moja ni kilo 1.1, kontena la chakula ni gramu 600. Siku hiyo vipindi vyake vilihitaji kaunta buku mbili na vitabu viwili tu. Ukiyatoa yasiyohitajika zinabaki kilo 4.1, yaani asilimia 15 hivi. Chupa ikija tupu na kujazwa shuleni, zinabaki kilo 3.1, asilimia 11. Sera ya mabegi ya India ya mwaka 2020 imeweka kikomo cha asilimia 10. Kwa mtoto huyu kikomo hicho ni kilo 2.8, na begi tupu pekee limekwisha kula zaidi ya robo yake. Kujua kwamba begi ni kilo 6 hakumsaidii mtu. Kulimwaga na kupima kimoja kimoja ndiko kunakoonyesha cha kupunguza.

Sasa maumivu. Swali la mgongo liulizwe kabla begi halijagusa mizani, la sivyo mtoto akishaona namba kubwa atasema unauma. Mpe mchoro wa mwili uliogeuka nyuma, apake rangi mahali palipouma katika siku saba zilizopita, halafu mwulize hubeba begi kwa dakika ngapi na kama hutumia mkanda mmoja au yote miwili. Msiite wanaojitolea, maana watakuja wenye maumivu. Chukueni kila mtu wa tatu kwenye orodha ya mahudhurio, na mpime Jumatatu, Jumatano na Ijumaa bila kutangaza siku, kwa kuwa begi hubadilika na ratiba.

Hata mkifanya hivyo vizuri, bado hamjathibitisha kwamba begi ndilo linaloumiza. Mapitio ya tafiti 69 yaliyochapishwa mwaka 2018 hayakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba begi la shule huongeza hatari ya maumivu ya mgongo. Watoto wa madarasa ya juu hubeba zaidi, na umri wenyewe huongeza malalamiko, kwa hiyo linganisheni watoto wa darasa moja. Tena anayeumwa huenda ameshapunguza mzigo, akaonekana kana kwamba begi jepesi ndilo baya. Begi zito linachosha, linavuta mabega, linamwangusha mtoto kwenye ngazi ya daladala, na hizo ni sababu za kutosha kulipunguza. Kupinda kwa uti wa mgongo ni jambo jingine, na kichwa chenu cha habari kinaweza kumfanya mzazi alaumu begi wakati mtoto anaumwa kweli. Maumivu yanayomwamsha usiku, miguu kukosa nguvu, homa za jioni na kukonda, au kinundu mgongoni, yapelekwe hospitali bila kusubiri, kwa sababu kifua kikuu hushambulia pia uti wa mgongo.

Na kwa nini mtoto abebe kaunta buku zote nne? Kwa sababu ratiba iliyo ukutani haifuatwi. Mwalimu wa Hisabati anaingia kwenye kipindi cha Jiografia, na asiye na daftari anaadhibiwa. Mtoto mwenye akili atabeba kila kitu. Maji nayo anayabeba kwa sababu bomba la shule halina maji, au yapo lakini hayanyweki. Basi msimwambie aache chupa nyumbani kabla hamjamwekea maji salama.

Ombi langu: shule inayotaka kurudia mradi huu ifunge ndoano moja nyuma ya mlango wa darasa, mizani ining'inie hapo muhula mzima, na kila Ijumaa saa nane ratiba ya wiki inayofuata isomwe kwa sauti na isibadilishwe. Ipime wiki mbili kabla na wiki mbili baada ya kufanya hivyo, mabegi yale yale, watoto wale wale. Na nyinyi mkienda kuandika, pigeni picha ya begi lililomwagwa mezani.

Mwalimu wa Sayansi,
Morogoro