Dow imepanda, S&P imeshuka: msomaji aamini ipi?

Ndugu Mhariri,

Katika kurasa zako za biashara kuna sentensi inayorudi mara kwa mara: Dow Jones imepanda pointi kadhaa, S&P 500 imeshuka kidogo. Habari huishia hapo, na msomaji huachwa aamue mwenyewe kama soko la Marekani limepanda au limeshuka. Naomba nafasi nieleze kwa nini fahirisi mbili, yaani namba mbili zinazofupisha mwendo wa hisa nyingi, za soko lilelile zinaweza kupishana siku ileile bila mtu yeyote kukosea hesabu. Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuhakiki hesabu za namna hii, na inaniuma kuona watu wakizisoma kama vile zote zimetoka kwenye mzani mmoja.

Charles Dow alipotoa wastani wake wa hisa za viwanda tarehe 26 Mei 1896, alichukua bei za hisa za kampuni 12, akazijumlisha, akagawanya kwa 12. Akapata 40.94. Ilikuwa hesabu ya kalamu na karatasi, na kwa zama zile ilifaa. Tangu mwaka 1928 kampuni ni 30, lakini kiini hakijabadilika: bei hujumlishwa, jumla hugawanywa. Maana yake ni kwamba kampuni hupata uzito kwa bei ya hisa yake moja tu. S&P 500, iliyopata sura yake ya kampuni 500 mwaka 1957, huanza kwa kuzidisha bei ya hisa kwa idadi ya hisa, ndipo hujumlisha. Humo uzito wa kampuni ni thamani yake yote sokoni.

Tofauti hiyo huonekana ndogo mpaka uifanyie hesabu. Tuseme soko lina kampuni tatu. Kampuni A ina hisa milioni 10, kila moja dola 400, kwa hiyo thamani yake ni dola bilioni 4. Kampuni B ina hisa milioni 90 za dola 100, yaani bilioni 9. Kampuni C ina hisa milioni 20 za dola 100, yaani bilioni 2. Fahirisi ya bei, ya namna ya Dow, ni 600 gawanya kwa 3, yaani 200. Kwa fahirisi ya thamani, ya namna ya S&P 500, tunachukua jumla ya bilioni 15 na kuigawanya kwa milioni 15 ili tuanzie 1,000.

Sasa A ipande kwa asilimia 10. Fahirisi ya bei inaruka kwa asilimia 6.7, ile ya thamani inapanda asilimia 2.7. Siku nyingine, bei zikiwa zimeanzia palepale, B ndiyo ipande kwa asilimia 10. Fahirisi ya bei inasogea asilimia 1.7 tu, ya thamani inapanda asilimia 6. Ukizijumlisha mali za wanahisa wote wa kampuni hizi tatu, siku ya pili ndiyo wametajirika zaidi, na kwa mbali. Fahirisi ya bei imetangaza kinyume chake, kwa sababu tu B iliwahi kuamua kuikata mali yake katika vipande vingi vidogo na A ikaikata katika vipande vichache vikubwa.

Na kampuni inaweza kubadili ukubwa wa vipande hivyo wakati wowote. Hapo ndipo penye kiini cha barua yangu.

Tuseme A inagawanya hisa zake, moja kuwa nne. Aliyekuwa na hisa moja ya dola 400 anaamka na hisa nne za dola 100. Hakuna aliyepata wala aliyepoteza. Lakini jumla ya bei sasa ni 300 badala ya 600, na tukiendelea kugawanya kwa 3, fahirisi itaonyesha 100, kana kwamba nusu ya soko imeteketea usiku mmoja. Nimewahi kuliona kosa hilo kwa macho yangu: asubuhi moja tulisahau kubadilisha kigawanyo, ile namba ya kugawanyia, na namba iliyotokea kwenye skrini ikatufanya tuanze kupiga simu kuuliza kumetokea msiba gani. Dawa yake ni kutafuta kigawanyo kipya kitakachoirudisha fahirisi pale ilipokuwa. Hapa ni 300 gawanya kwa 200, yaani 1.5. Fahirisi inabaki 200, na mtazamaji haoni kitu.

Kuna kitu kimebadilika, hata hivyo. Kesho yake A ikipanda kwa asilimia 10, fahirisi ya bei itapanda asilimia 3.3, nusu ya ilivyokuwa. B nayo, ambayo haikufanya lolote, sasa ikipanda asilimia 10 itaisogeza fahirisi kwa asilimia 3.3, mara mbili ya awali. Njia nzuri ya kulielewa hili ni kuifikiria fahirisi kama mfuko wa hisa. Kabla ya mgawanyo, fahirisi ya bei ilikuwa sawa na mtu mwenye hisa moja ya kila kampuni, jumla dola 600. Baada ya mgawanyo angekuwa na hisa nne za A, moja ya B na moja ya C. Ili abaki na hisa sawasawa za kila kampuni, lazima auze hisa mbili za A, apate dola 200, anunue hisa moja ya B na moja ya C. Sasa ana hisa mbilimbili, na thamani yake bado ni dola 600. Ndiyo kusema fahirisi ya bei imeuza nusu ya A na kuongeza B na C, bila habari yoyote njema au mbaya kuhusu kampuni yoyote. Hakuna mwekezaji mwenye akili timamu angefanya hivyo kwa sababu hiyo. Mwenye mfuko unaofuata thamani, aliyeshika kwa mfano sehemu moja kwa milioni ya kila kampuni, siku hiyo hafanyi chochote. Hisa zake za A zimekuwa nyingi zaidi na za bei ndogo zaidi, basi.

Huu si mfano wa darasani tu. Tarehe 31 Agosti 2020 kampuni ya Apple iligawanya hisa zake moja kuwa nne, na bei ikateremka kutoka karibu dola 500 hadi karibu dola 125. Wakati huo thamani yake yote ilikuwa imeshapita dola trilioni 2. Ndani ya S&P 500 mgawanyo huo haukuhitaji marekebisho. Ndani ya Dow, Apple iliyokuwa na uzito kuliko wenzake wote iliporomoka orodhani, na aliyeshika nafasi ya kwanza akawa UnitedHealth, kampuni ya bima ya afya ambayo thamani yake ilikuwa sehemu ndogo ya ile ya Apple, ila hisa yake moja iliuzwa kwa zaidi ya dola 300. Wasimamizi wa Dow waliona pengo waliloachiwa. Siku hiyohiyo waliwatoa Exxon Mobil, Pfizer na Raytheon, wakawaingiza Salesforce, Amgen na Honeywell, na wao wenyewe walieleza kwamba uamuzi wa Apple ndio uliosababisha, kwa kuwa ulipunguza uzito wa sekta ya teknolojia. Exxon ilikuwa kwenye orodha hiyo tangu 1928, mwanzoni kwa jina lake la zamani. Kampuni ya mafuta ikapoteza kiti kwa kuwa kampuni ya simu na kompyuta imekata hisa zake vipande!

Kigawanyo cha Dow siku hiyo kilitoka takriban 0.146 kikafika takriban 0.152. Naomba waandishi wako waitazame namba hiyo vizuri. Kigawanyo kilicho chini ya moja hakigawanyi, kinazidisha. Gawanya 1 kwa 0.152 utapata kama 6.6: hisa yoyote kati ya zile 30 ikipanda dola moja, Dow ilipanda pointi 6.6, iwe dola hiyo ni ya kampuni kubwa kuliko zote au ndogo kuliko zote. Kwa hiyo neno "wastani" lililobaki katika jina lake ni la kihistoria. Na hii inampa msomaji kipimo rahisi: siku Dow ikiruka pointi nyingi huku S&P 500 ikisimama, atafute ni hisa gani ya bei kubwa imesogea kwa dola nyingi. Mara nyingi atakuta ni moja au mbili. Japani pia wanazo zote mbili: Nikkei 225 hufuata bei, TOPIX hufuata thamani, na kwa muda mrefu Fast Retailing, wenye maduka ya Uniqlo, wameivuta Nikkei kwa nguvu isiyolingana na ukubwa wao mbele ya kampuni kama Toyota.

Nisieleweke kwamba fahirisi ya thamani haina mashaka yake. Nayo ina kigawanyo kinachohitaji kuangaliwa. Katika mfano wetu wa mwanzo, A ikitoa hisa mpya milioni moja kwa bei ya dola 400, thamani ya soko itaongezeka dola milioni 400, lakini hakuna bei iliyopanda. Kigawanyo lazima kitoke milioni 15 kiwe milioni 15.4, la sivyo fahirisi itatangaza faida isiyokuwepo. Tena kuna hisa ambazo hazifiki sokoni kabisa. Ikiwa milioni 60 kati ya hisa za B zimeshikwa na familia ya mwanzilishi ambayo haiuzi, thamani inayoweza kununuliwa na umma si bilioni 9, ni bilioni 3. Ndiyo maana S&P 500 tangu mwaka 2005 huhesabu hisa zilizo huru kuuzwa na kununuliwa tu. Lawama iliyo kubwa zaidi ni kwamba hisa inayopanda bei kupita kiasi huongeza uzito wake yenyewe, mpaka kampuni chache zikawabeba wengine mia kadhaa. Lawama hiyo ni ya haki. Lakini angalau uzito huo unatokana na fedha halisi ambazo watu wameweka, wala hautokani na idadi ya vipande ambavyo bodi ya kampuni ilipenda kukata.

Ombi langu kwako ni dogo. Gazeti lako linapotaja Dow, litaje asilimia badala ya pointi peke yake, na ikiwa hisa moja ndiyo iliyoivuta, liitaje kwa jina. Na siku fahirisi hizi mbili zikipishana, ile inayopima thamani ndiyo iwekwe kwenye kichwa cha habari.

Wako,
Msomaji wa kurasa za biashara