Barua kwa mdogo wangu anayedhani mapenzi yamekwisha

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako niliisoma mara tatu kabla ya kuketi kuijibu. Umeniandikia kwamba ndoa yenu imetimiza miaka 14, kwamba hamgombani, mambo ya fedha mnapanga pamoja na watoto wanalelewa vizuri, ila moyo wako haushtuki tena ukisikia mlango ukifunguliwa, na kwa hiyo umefikia kuamini kwamba mapenzi yamekwisha na waliobaki ni watu wawili wanaosaidiana kuendesha nyumba. Kisha, kama jambo la kuchosha tu, ukaongeza kwamba shemeji yangu kila jioni husimama dirishani akakusimulia habari za ndege wawili wanaojenga kiota kwenye mti wa uani, wakati wewe umechoka na huna hamu ya habari za ndege. Umeniruhusu nikujibu hadharani bila kukutaja jina, nami nakushukuru, kwa sababu najua wapo wengi wenye swali kama lako. Lakini nitaanza na hao ndege, maana kwangu ndiyo sentensi iliyobeba uzito wa barua nzima.

Kwanza niseme kidogo kuhusu ule mshtuko wa moyo unaoukosa. Mwanasaikolojia Dorothy Tennov, aliyezungumza na mamia ya watu kuhusu hali ya kupenda hadi mtu akakosa usingizi na kumwaza mwenzake mchana kutwa, alieleza mwaka 1979 kwamba hali hiyo kwa kawaida hudumu kati ya miezi 18 na miaka 3. Ukipiga hesabu, utaona kwamba kwenu ilipaswa kutulia zaidi ya miaka kumi iliyopita, na huenda ilitulia wakati huo huo bila wewe kuitambua kwa sababu mlikuwa na mtoto mchanga na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuupima moyo wake. Sehemu kubwa ya moto ule hulishwa na wasiwasi: je, ananipenda, atarudi, nikimwambia hivi ataonaje? Mtu anayerudi nyumbani kila siku kwa miaka 14 amekwisha kuyajibu maswali hayo yote, na jibu lenyewe ndilo lililoutuliza moyo wako. Kwa hiyo kutoshtuka si dalili ninayoiogopa. Dalili ninayoiogopa ni nyingine, nayo inahusu kuita na kuitika.

Nikisema kuita, sina maana ya kutamka jina. Katika maisha ya wawili, mmoja humwita mwenzake mara nyingi kwa siku kwa njia ndogo ndogo: anasema “tazama hili wingu,” anacheka peke yake akiwa na simu ili aulizwe anacheka nini, anapumua kwa nguvu akivua viatu, anamwekea mwenzake mkono begani anapopita. Maneno yenyewe hayana uzito. Kinachoulizwa chini yake ni kimoja tu: upo? John Gottman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Washington, huko Marekani, waliwaalika wanandoa wapya wakae mahali palipotengenezwa kama nyumba ya kawaida, wakawarekodi wakizungumza na kufanya shughuli zao, kisha wakawafuatilia baada ya miaka 6. Waliokuwa bado pamoja walikuwa wameitikia miito ya wenzao kiasi cha mara 86 katika kila 100, na walioachana walikuwa wameitikia mara 33. Sitaki uzichukue tarakimu hizo kama mizani ya kuipimia ndoa yako, kwa maana inawezekana vilevile kwamba watu waliokuwa wakipendana vizuri ndio waliokuwa wepesi wa kuitika. Ninachokuonyesha ni mahali pa kutazama.

Sasa rudi dirishani. Shemeji yangu anasema, “Leo wameongeza majani, sasa kiota kinaonekana mdomo.” Wewe, kama ulivyonieleza, unasema “mm” huku macho yakiwa kwenye kazi uliyokuja nayo nyumbani. Hukumtukana wala hukumkasirikia, na yeye hakulalamika. Lakini alikuita, na sauti yake ikaenda bila kurudi. Mtu anayekatizwa mwito wa namna hii mara nyingi haurudii palepale. Hunyamaza, akajaribu tena kesho kwa njia nyingine, na baada ya miezi au miaka huacha kabisa. Ndiyo sababu barua yako haikunihuzunisha kama ulivyotarajia. Mume wako bado anakuita. Baada ya miaka 14, na baada ya “mm” ambazo huenda zimefika mamia, bado anasimama dirishani kila jioni na kuamini kwamba ukiinua macho utaona anachokiona yeye. Ningeogopa kama ungeniandikia kwamba siku hizi anawatazama ndege kimya.

Kuitika hakudai uwapende ndege. Kunadai uinue uso, umtazame yeye kabla ya kuutazama mti, na uulize swali moja ambalo jibu lake hulijui. Siku ambayo kweli umezidiwa, sema hivyo kwa maneno kamili: “Nataka kukiona, nipe dakika kumi nimalize hapa.” Kisha dakika kumi zikipita, wewe mwenyewe ndiwe uende dirishani, usisubiri kukumbushwa. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunaahirisha kwa adabu kisha tunasahau, na ahadi iliyosahauliwa huuma kuliko kutoitikwa kabisa.

Nikupe mfano wa kwangu, ambao hadi leo unanisikitisha. Katika mwaka wa kumi na moja wa ndoa yetu, shemeji yako alirudi nyumbani akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake kwa muda mrefu, akaniambia kwamba kazini wamemchagua asimamie kundi zima. Nilikuwa nimeinama nikikunja nguo, na neno la kwanza lililonitoka lilikuwa, “Kwa hiyo utakuwa unachelewa kurudi?” Lilikuwa swali la haki, kwani malezi ya jioni yote yangeniangukia mimi. Akasema, “Labda kidogo,” akaenda kuoga, na habari ile haikuzungumzwa tena usiku huo. Niliona mabega yake yakishuka, mdogo wangu, na bado niliendelea kukunja nguo.

Miaka mingi baadaye nilisoma kazi ya mtafiti Shelly Gable, ambaye badala ya kuuliza wapenzi wanafarijianaje wakati wa shida, aliuliza wanapokeanaje wakati wa heri. Alizigawanya namna za kuitikia habari njema ya mwenzako katika nne: kuifurahia waziwazi na kuuliza zaidi, kuipokea kwa upole lakini kwa ubaridi, kuitafutia kasoro, na kuipuuza au kugeuza mazungumzo. Katika utafiti aliouchapisha pamoja na wenzake mwaka 2004, ni ile ya kwanza pekee iliyokwenda sambamba na ukaribu na kuridhika kwa wapenzi. Ile ya pili, “vizuri, hongera,” inayosemwa kwa adabu na kuishia hapo, haikuwa na faida hiyo. Mimi nilikuwa nimetumia ya tatu. Nilidhani kazi ya mke ni kumshika mume anapoanguka, na kazi hiyo niliifanya vizuri, lakini aliposimama juu sikuwepo kumtazama.

Nilichofanya kilikuwa kidogo na kilichelewa kwa siku nne. Nilimwambia, “Ile habari yako sikuisikia sawasawa. Nisimulie upya, walikuitaje, nani alisema nini.” Alinitazama kwa mashaka kidogo, kisha akasimulia kwa karibu saa nzima, na suala la kuchelewa tulilijadili kesho yake tukalipangia siku mbili za juma ambazo angewahi. Wasiwasi wangu haukupotea bure. Ulisubiri zamu yake. Tangu hapo nimejiwekea desturi kwamba habari njema ikiingia ndani ya nyumba, maswali yangu matatu ya kwanza yanaihusu habari yenyewe, na hesabu zangu hukaa hadi siku inayofuata.

Umeniuliza pia, kwa mstari mmoja wa haya mwishoni, kuhusu hamu ya mwili. Sitaukwepa. Daktari Rosemary Basson wa Kanada alieleza tangu mwaka 2000 kwamba kwa wanawake wengi walio katika mahusiano ya muda mrefu hamu haiji kwanza kama njaa. Mtu huanza akiwa hana hamu wala chuki, akaridhia ukaribu kwa sababu anampenda mwenzake, na hamu ikaamka baada ya mguso na utulivu. Ukisubiri ije yenyewe kama zamani, unaweza kusubiri mwaka mzima na kuhitimisha kwamba imekufa. Lakini lipo jambo linaloizuia isiamke, nalo ni pale kila mguso unapogeuka kuwa ombi. Mke akijua kwamba mkono begani lazima uishie kitandani, atajifunza kuukwepa mkono siku aliyochoka, na mume akikwepwa atajifunza kutogusa kabisa, hadi wawe wanapishana mlangoni kama wapangaji. Zungumzeni waziwazi kwamba upo mguso ambao haudai kitu, mshikane mikono mkiwa mmeketi, mkumbatiane kabla ya kutoka bila haraka ya kuachiana. Kama kuna maumivu, dawa unazotumia au mabadiliko ya mwili, hilo ni la kumwona daktari, wala lisihesabiwe kuwa upungufu wa mapenzi.

Yote niliyoandika yanafaa mahali penye amani. Kama ndani ya nyumba kuna dharau ya kila siku, vitisho au kipigo, kuinua uso na kuuliza maswali mazuri hakutatibu kitu, na aliye katika hali hiyo anahitaji usalama kwanza. Najua kwenu si hivyo, lakini barua hii itasomwa na wengine.

Kwa hiyo sikupi kazi kubwa. Kwa siku saba usimwambie lolote kuhusu barua hii, ila kila jioni jihesabie kimoyomoyo amekuita mara ngapi na umeitika mara ngapi. Kisha hesabu na miito yako wewe, kwa maana sijaona popote katika barua yako ukisema kwamba wewe nawe humwita; huenda naye ananyimwa nafasi ya kukuitikia. Mweleze jambo moja la siku yako ambalo halihusu watoto wala fedha, hata kama ni dogo kuliko ndege, uone anafanya nini na uso wake.

Nisalimie shemeji sana. Na utakaponiandikia, nieleze kiota kimefikia wapi na kama wameanza kutaga, maana jambo hilo nataka kulisikia kutoka kwako.

Dada yako